Nataka kuomba kiti tulivu na zamu isiyogeuka kila wiki, bila kutaja ugonjwa wangu

Mwana_Mtongwe · Jumapili, saa 3 usiku

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Nimekaa na jambo hili moyoni muda mrefu, leo naomba ushauri wenu.

Nafanya kazi kwa mawakala wa forodha hapa mjini Mombasa, upande wa Moi Avenue. Kazi yangu ni kuandaa entri za mizigo kwenye iCMS, mfumo wa kompyuta wa forodha. Tuko kumi na moja katika ukumbi mmoja. Meza yangu ni ya mwisho, imegusana na kaunta ambapo madereva na watu wa malori huja kuchukua karatasi zao. Printa kubwa iko mgongoni kwangu, na tyubu iliyo juu ya kichwa changu inapepesa tangu mwaka jana.

Nina kipandauso, huu ni mwaka wa sita. Huanza nyuma ya jicho la kushoto, kisha kichefuchefu, kisha siwezi kustahimili mwanga wala sauti ya mtu. Daktari aliniambia kikiachwa bila dawa huweza kudumu kuanzia saa 4 hadi siku 3. Changu mara nyingi hula siku nzima.

Zamu zetu ni mbili: saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, na saa 8 mchana hadi saa 4 usiku. Tunabadilishana kila wiki. Nikitoka saa 4 usiku, hadi nivuke feri na kupata matatu ya Mtongwe, nafika nyumbani saa 5 na ushei. Wiki ya pili natakiwa kuamka saa 10 alfajiri. Mwili haujui ulale lini.

Daktari alinitaka niandike kwenye daftari kila kinaponijia. Nimeandika wiki 6. Siku zilizoniharibikia ni 9. Tano kati yake ziliangukia ndani ya siku tatu za kwanza baada ya kugeuza zamu. Tatu zilikuwa siku ambazo kaunta ilifurika tangu asubuhi. Moja sijui sababu yake.

Nataka kumuomba meneja mambo mawili: nihamie meza iliyo kona ya chumba cha mafaili, na nipewe zamu moja ya asubuhi isiyobadilika. Lakini sitaki ofisi ijue naumwa nini. Mwenzetu mmoja alisema ana presha, na tangu siku hiyo kila akikosea kidogo huambiwa "ni presha hiyo". Mimi nikikosea tarakimu moja katika zile 8 za msimbo wa bidhaa, entri inarudi na kontena linakaa. Sitaki kila kosa langu liitwe kichwa.

Je, niseme kiasi gani? Na akiniuliza waziwazi "unaumwa nini?" nimjibu vipi?

Nahodha_Changamwe · Jumapili, saa 3:40 usiku

Dadangu, usiombe. Dai. Katiba ibara ya 27 imekataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya hali yake ya afya, imeandikwa waziwazi. Andika barua, taja ibara, mpelekee meneja na nakala kwa mkurugenzi. Hana budi kukupa.

Ila ugonjwa itabidi uutaje. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka cheti cha daktari, na cheti bila jina la ugonjwa si cheti.

Salma_Bamburi · Jumapili, saa 4 usiku

Pole sana shoga. Mie nakushauri uchukue ruhusa ya ugonjwa upumzike hata wiki mbili. Sheria inakupa siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo. Niliwahi kuzitumia nilipofanyiwa upasuaji, hakuna aliyenisumbua.

Mwana_Mtongwe · Jumapili, saa 4:10 usiku

Asante Salma, lakini sitaki kukaa nyumbani. Nikikaa wiki mbili nitarudi kwenye meza ileile na zamu ileile. Nataka nifanye kazi, ila mahali ninapoweza kuifanya.

Mstaafu_Kibokoni · Jumatatu, saa 12:30 asubuhi

Mwanangu Mwana_Mtongwe, mimi nilikaa ofisi za wafanyakazi miaka 19, barua kama yako nimezipokea nyingi na baadhi nilizizika mwenyewe kwa kuwa ziliandikwa vibaya. Nitakuambia nilivyoona kutoka upande ule wa meza.

Kwanza Nahodha. Kuhusu ibara ya 27 amesema kweli, hali ya afya imo. Lakini ibara hiyo inamzuia mwajiri kukubagua, haimwambii akupe meza ya kona. Barua ya kwanza ikija na namba za ibara, meneja haisomi kama ombi. Anaogopa, anaipeleka kwa wakili wa kampuni, na wewe unakaa miezi miwili kando ya kaunta ukingoja. Namba za sheria ziweke kabatini kwanza. Zina siku yake.

Kuhusu cheti amechanganya. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira kinahusu ruhusa ya ugonjwa, na kinachotakiwa pale ni cheti kwamba huwezi kufanya kazi, kilichotiwa saini na mtu mwenye sifa. Kinathibitisha kutoweza, si jina la maradhi. Madaktari wengi huandika jina kwa mazoea tu, na wagonjwa hawawaambii wasiandike. Isitoshe, wewe huombi ruhusa.

Sasa swali lako. Gawa unachokijua mafungu matatu. Fungu la kwanza ni jina la ugonjwa, dawa, historia na hilo daftari. Hayo ni yako na daktari wako. Fungu la pili ni namna hali yako inavyokutana na kazi: kelele za mfululizo zinakuzuia, na kugeuza saa za kulala kila wiki kunakuangusha. Fungu la tatu ni unachokitaka: meza ipi, zamu ipi, kuanzia lini, kwa muda gani. Meneja anahitaji la pili na la tatu. La kwanza halimsaidii kuhamisha hata kiti kimoja.

Na daftari usimkabidhi mtu. Najua utashawishika, maana linaonyesha ukweli wako vizuri. Lakini humo mna majina ya dawa, na kama daktari wako ni mzuri, mna hata siku zako za mwezi. Toa sentensi moja tu kutoka humo.

Akikuuliza "unaumwa nini?", jibu kwa upole na kwa sauti ileile uliyoanza nayo: "Ni hali ya kiafya ya muda mrefu, daktari wangu anaifuatilia. Kinachogusa kazi ni haya mawili niliyokuletea." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Watu wengi hapo huogopa ukimya wakaanza kuongeza: "si ule ugonjwa mwingine, si mambo ya akili, hauambukizi." Usiseme usichoumwa. Ukikana kimoja, atakuuliza cha pili, na utafika kwenye jina kwa kuondoa moja moja. Tena mwenzako ambaye siku moja hatakana, watasema ndicho anacho.

Mwana_Mtongwe · Jumatatu, saa 3 usiku

Bi mkubwa, Mungu akulipe. Nimejaribu kuandika baada ya kazi. Ofisini nitaiweka kwa Kiingereza, lakini nimeiwaza kwa Kiswahili. Nisomeeni:

"Mheshimiwa, nimekuwa nikisumbuliwa na kipandauso kikali kwa miaka sita, na hivi karibuni kimezidi hata ninafanya makosa katika entri na wakati mwingine nashindwa kusoma kioo. Natumia dawa mbili ambazo hunilegeza. Naomba radhi kwa usumbufu na naomba, ikiwezekana, nipate mahali penye utulivu na saa nafuu."

Mstaafu_Kibokoni · Jumatatu, saa 3:25 usiku

Mwanangu, barua hii usiipeleke. Nitakuonyesha mahali panapouma.

"Ninafanya makosa katika entri" ni ungamo la maandishi. Litawekwa kwenye faili lako, na mwaka ujao wakati wa tathmini mtu mwingine kabisa ataliona. Umeomba kiti, umejifungulia shauri la utendaji. "Dawa hunilegeza" ni baya zaidi kwa mtu anayegusa kodi za wateja. Na "mahali penye utulivu na saa nafuu" haliombi kitu. Meneja atakuambia "nitaangalia", na atakuwa amekujibu.

Andika meza kwa jina lake. Andika zamu kwa saa zake. Andika tarehe.

Msimamizi_7 · Jumatatu, saa 4 usiku

Naomba niongee kama mtu anayepokea maombi haya, maana nasimamia watu 14 katika ghala la Miritini.

Dada, mimi nikiletewa ombi najiuliza mambo matatu: anataka nini hasa, kwa muda gani, na kazi yake itafanywa na nani. Ukinijibu hayo, nakujibu siku hiyo hiyo. Hilo la tatu watu husahau. Ukichukua asubuhi daima, kuna mwenzako atakayebeba jioni daima. Njoo umeshamfikiria. Kama kuna mtu anayependa jioni, mfano anayesoma asubuhi, mtaje, lakini baada ya kuongea naye.

Na nawaomba msituambie magonjwa yenu. Kuna dada aliniambia yote, mpaka nikahisi uzito. Baada ya miezi mitatu wenzake wakalalamika kwa nini yeye haingii zamu ya usiku. Nikiwa nimechoka nikasema, "Nyinyi hamjui anachopitia." Sikutaja ugonjwa, lakini neno hilo lilitosha, wakaanza kumchunguza. Yule dada aliacha kazi. Nisingejua, nisingekuwa na la kusema zaidi ya "ni mpangilio wa kazi".

Tabibu_wa_Zamu · Jumanne, saa 2 usiku

Mimi ni tabibu katika zahanati, barua hizi naziandika. Yapo mawili.

Barua ya daktari inaweza kukusitiri mwili mzima na kichwa cha karatasi kikakuvua. Ukiletewa barua yenye maneno safi lakini juu imeandikwa kliniki ya mishipa ya fahamu, au ya afya ya akili, au ile inayojulikana na mji mzima ni ya nini, jina limeshasemwa. Muhuri nao husema. Kama una daktari wa kawaida anayejua historia yako, aandike yeye. Anaruhusiwa kupendekeza mabadiliko ya kazi bila kutaja ugonjwa. Mimi huandika hivi:

"Mtajwa hapo juu yuko chini ya uangalizi wangu kwa hali ya kiafya ya muda mrefu. Hali hiyo huzidishwa na kelele za mfululizo na mabadiliko ya mara kwa mara ya saa za kulala. Anaweza kutekeleza kazi zake zote. Napendekeza akae mbali na eneo la wateja na afanye kazi katika zamu isiyobadilika kwa miezi 3, kisha tathmini ifanyike."

Sentensi ya "anaweza kutekeleza kazi zake zote" usiiache itoke. Bila hiyo, mwajiri mwenye hofu husoma barua kama cheti cha kutofaa. Na mwambie daktari unachotaka kabla hajashika kalamu, maana akishapiga muhuri huona uchungu kuandika upya.

La pili ni la afya yako. Umesema unatumia dawa mbili, nadhani ni za maumivu. Hesabu siku unazozimeza kwa mwezi. Zikifika 10 kwa aina fulani, au 15 kwa zile za kawaida, mwezi baada ya mwezi, dawa zenyewe zinaanza kuleta kichwa. Hapo hata ukipewa meza ya kona, kichwa kitakufuata. Mweleze daktari hesabu hiyo.

Salma_Bamburi · Jumanne, saa 2:30 usiku

Kwani asivae vile vizibo vya masikio? Vinauzwa kwenye maduka ya dawa, bei rahisi, na hahitaji kumwomba mtu.

Mwana_Mtongwe · Jumanne, saa 2:50 usiku

Nilivaa wiki moja, Salma. Kelele zilipungua kweli. Lakini simu ya mezani ni yangu kujibu, nikakosa simu mbili za mteja. Pia printa nikiwa nimeziba naihisi kwenye meza, inatetemeka.

Kreni_Kipevu · Jumanne, saa 4 usiku

Samahani kuingilia. Mimi kisa changu kinafanana. Naendesha mashine ya kupanga makontena kwenye yadi. Mwezi uliopita nilianguka nyumbani, mke wangu akasema nilitetemeka na kutoa povu. Nimeenda hospitali, wakasema kifafa, nimeanza dawa. Kazini sijasema. Nikisoma hapa naona na mimi nina haki ya kutosema. Ni sawa?

Tabibu_wa_Zamu · Jumanne, saa 4:15 usiku

Kaka, hapana, si sawa, na nakuomba unisome mpaka mwisho. Dada yetu akishikwa, anayeumia ni yeye. Wewe ukishikwa ukiwa umeinua kontena la tani 20, kuna watu chini. Kesho usipande mashine.

Mstaafu_Kibokoni · Jumatano, saa 12:10 asubuhi

Mwanangu Kreni, pole sana, na mshukuru Mungu ilikuwa nyumbani. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inamtaka hata mfanyakazi alinde usalama wake na wa wenzake. Lakini hata hapo huna haja ya kusimama uwanjani ukataja jina la ugonjwa. Mwendee msimamizi leo: "Daktari hajaniruhusu kuendesha mashine wala kupanda juu mpaka atakaponiambia. Naweza kufanya kazi ya chini." Hilo ndilo linalogusa kazi yako, na ndilo huwezi kulificha. Jina, ikibidi, liende kwa daktari wa kampuni tu.

Kreni_Kipevu · Jumatano, saa 12:40 asubuhi

Bi mkubwa, kazi ya chini inalipa karibu nusu. Nina watoto wanne. Leo nimesema naumwa tumbo, nimebaki nyumbani. Acha nifikiri.

Nahodha_Changamwe · Jumatano, saa 1 asubuhi

Kaka, nitafute kwa ujumbe wa ndani. Nilikuwa katika chama cha wafanyakazi, mishahara ya watu wanaobadilishiwa kazi kwa afya niliwahi kuijadili mezani. Usiende peke yako.

Na Mstaafu, nakubali kuhusu cheti. Lakini bado nasema sheria iwepo. Kuna sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inazungumzia marekebisho yanayofaa kazini. Kwa nini dada asiitumie?

Mstaafu_Kibokoni · Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Ni nguvu ya kweli, Nahodha. Ila ukiishika hiyo, mwajiri ana haki ya kuuliza ulemavu gani na unathibitishwaje, na hapo ndipo fungu la kwanza linapofunguliwa. Kipandauso kinachomshika mtu siku 9 katika wiki 6, je, ni ulemavu kisheria? Wapo watakaosema ndiyo, wapo watakaokataa. Kwa kiti na zamu, nisingeanzia mlango huo. Akikataliwa, tutarudi kwako.

Sheria ambayo ningependa aijue tangu leo ni ya ulinzi wa data ya 2019. Taarifa za afya zimo katika zile nyeti, na mwajiri anapaswa kukusanya zile tu zinazohitajika kwa shughuli iliyopo. Kwa hiyo akikupa fomu yenye swali "taja ugonjwa na dawa zote", unaweza kuuliza kwa adabu: "Taarifa hii inahitajika kwa uamuzi gani?" Mara nyingi hana jibu, fomu ni ya zamani tu.

Halafu nina wazo. Ile tyubu inayopepesa usiiweke kwenye barua kabisa. Tyubu mbovu ni kazi ya fundi, mtu yeyote mwenye macho ana haki ya kuilalamikia. Ripoti kama hitilafu nyingine. Tena mwanga na kelele vikiandikwa pamoja, msomaji mwerevu atabahatisha kipandauso bila wewe kusema. Ukiniuliza, hata meza ningeiomba kwa sababu ya kazi tu, kwamba entri zinataka utulivu, na afya ningeitaja kwa zamu peke yake. Kinachoweza kuombwa bila kutaja afya, kiombwe bila kutaja afya.

Msimamizi_7 · Jumatano, saa 2 usiku

Kuhusu tyubu nakubaliana na bi mkubwa. Kuhusu meza, hapana. Meza iliyoombwa kwa sababu ya kazi ni matakwa tu. Mwezi ujao akija mhasibu mpya nitamweka pale, na wewe urudi kaunta, na hutakuwa na la kunishika. Iliyotolewa kwa pendekezo la daktari, hata mimi nikihama, anayekuja ataikuta kwenye maandishi. Weka vyote viwili katika barua moja.

Mstaafu_Kibokoni · Jumatano, saa 2:30 usiku

Hapo tunatofautiana, na sababu yako ina uzito. Mimi nimeona ombi lenye mambo mawili likikataliwa lote kwa sababu ya moja. Binti achague mwenyewe, yeye ndiye anayemjua meneja wake.

Mwana_Mtongwe · Alhamisi, saa 3 usiku

Nimechagua. Tyubu nimeiripoti kwa fundi, ameibadilisha leo kwa dakika kumi, mwaka mzima nimeteseka bure. Meza na zamu nimeziweka barua moja, kwa sababu meneja wangu hapendi kuendewa mara mbili. Nimeongea na kaka mmoja pale ofisini anayesomea uhasibu asubuhi. Yeye anataka jioni, nami sikumwambia kwa nini nataka asubuhi, na hakuuliza.

Barua sasa ni hii:

"Naomba mabadiliko mawili ya mpangilio kwa sababu ya hali ya kiafya ninayofuatiliwa na daktari. Moja, nihamie meza iliyo wazi kando ya chumba cha mafaili, kwa kuwa kelele za mfululizo za kaunta huzidisha hali hiyo. Mbili, nifanye zamu ya saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana bila kubadilisha kila wiki. Simu ya mezani inaweza kuhamishwa pamoja nami. Mwenzangu yuko tayari kuchukua zamu ya jioni. Naomba tuanze Jumatatu ijayo kwa miezi 3, kisha tukae tuone. Barua ya daktari ninaweza kuileta ikihitajika. Naomba suala hili libaki kati yako na ofisi ya wafanyakazi."

Kichwa cha barua pepe nimeandika "Ombi la mabadiliko ya mpangilio wa kazi". Neno afya halimo, maana simu ya meneja hukaa mezani na kila ujumbe ukiingia kichwa chake kinaonekana na anayepita.

Tabibu_wa_Zamu · Alhamisi, saa 3:20 usiku

Imekaa vizuri. Barua ya daktari usiiambatanishe mpaka aiombe.

Mwana_Mtongwe · Jumatano iliyofuata, saa 3:30 usiku

Nimerudi na habari, si zote tamu.

Meneja aliniita Jumatatu. Swali la kwanza lilikuwa lile lile: "Kwani una shida gani?" Nikajibu kama bi mkubwa alivyonifunza, kisha nikanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mrefu jamani, nilisikia hadi feni. Akauliza tena, "Ni kitu cha kuhofia?" Nikasema, "Kazi zangu zote naweza kuzifanya, ndiyo maana nimeomba haya." Akaitikia kwa kichwa.

Meza amenipa, nimehamia jana. Zamu ya kudumu amekataa, amesema meli zikija pamoja hawezi kumfunga mtu upande mmoja. Nikamuuliza je, badala ya kila wiki tungegeuza kila baada ya wiki 4? Hilo lilinijia palepale, nikikumbuka kwamba siku tano mbaya ziliangukia karibu na mageuzi. Katika wiki 6 niligeuza mara 6. Kwa mpango huu ningegeuza mara moja, au mbili zikizidi. Amekubali kwa miezi 3 na ameandika kwenye barua pepe. Ametaka barua ya daktari. Daktari wangu aliandika jina la ugonjwa mstari wa kwanza, nikamrudishia, akanuna kidogo, kisha akaandika upya kwa maneno ya Tabibu.

Jambo lililonitetemesha ni hili. Leo mchana nimekuta barua yangu ya ombi imelala juu ya printa ya ukumbini. Mtu wa ofisi ya wafanyakazi aliichapa akasahau kuichukua. Mwenzangu wa entri alikuwa ameishika anaisoma. Akanitazama, akasema, "Kumbe kelele za kaunta zinakusumbua hivyo, mbona hukusema, ningekupa meza yangu." Akanirudishia. Hakuwa na zaidi ya hapo kwa sababu karatasi haikuwa na zaidi ya hapo. Nilienda chooni nikakaa kidogo, nikiikumbuka ile barua yangu ya kwanza.

Mstaafu_Kibokoni · Jumatano, saa 4 usiku

Alhamdulillahi. Kesho mwandikie mtu huyo wa ofisi ya wafanyakazi ujumbe mfupi, bila hasira: barua ilikutwa kwenye printa saa fulani, naomba nakala zihifadhiwe mahali pa siri. Hifadhi ujumbe huo. Na weka kumbukumbu kwenye simu yako wiki mbili kabla ya miezi 3 kuisha, uwe wewe wa kwanza kuitisha kikao. Ukisubiri waitishe, muda utapita kimya na siku moja utakuta jina lako kwenye zamu za kila wiki.

Daftari endelea nalo.

Salma_Bamburi · Jumatano, saa 4:10 usiku

Nimefurahi shoga. Na wenzio wakikuuliza kwa nini wewe hugeuzi kila wiki?

Mwana_Mtongwe · Jumatano, saa 4:15 usiku

Ameshauliza mmoja. Nilimwambia, "Ndivyo tulivyopangiwa na meneja." Hakuridhika, nimeona usoni. Sijapata jibu bora kuliko hilo.

Kreni, upo? Kaka, tujulishe.

Nahodha_Changamwe · Alhamisi, saa 1 asubuhi

Nimeongea naye. Hajapanda mashine tangu siku ile. Ijumaa tunaenda pamoja kwa msimamizi wake. Mshahara hatujui bado.